Tabaka nne za kampuni na mahali pa ERP: somo la maduka 133 yaliyofungwa Kanada

Tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka wa 2015, kampuni ya maduka ya Kimarekani, Target, ilitangaza kwamba inafunga maduka yake yote 133 nchini Kanada. Wafanyakazi wapatao 17,600 walipoteza kazi. Maduka ya kwanza yalikuwa yamefunguliwa mwezi wa tatu mwaka wa 2013, yaani hata miaka miwili haikutimia. Katika muda huo mfupi, hasara ilikaribia dola bilioni 2.

Wateja hawakuwa wageni. Wakanada wengi waliijua Target tangu zamani, na wengine walikuwa wakivuka mpaka kwenda kununua katika maduka yake ya Marekani. Lakini walipoingia katika maduka mapya ya kwao, walikuta rafu tupu. Ajabu ni kwamba wakati huohuo maghala ya kampuni yalikuwa yamejaa mpaka hakuna mahali pa kupitisha mtu. Mali ilikuwapo, pesa ilikuwapo, wateja walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa mali ghalani na kuifikisha dukani kwa wakati wake.

Wengi waliulaumu mfumo wa kompyuta. Target ilikuwa imenunua ERP ya kampuni ya Kijerumani, SAP, na kuisimika Kanada kwa haraka. Lakini SAP hiyohiyo inaendesha maelfu ya makampuni duniani, na maduka makubwa ni miongoni mwao. Kama programu ni ileile, kwa nini kwa mmoja inafanya kazi na kwa mwingine inaua biashara? Jibu linapatikana ukiitazama kampuni tabaka kwa tabaka, kama fundi anavyoitazama nyumba: msingi, kuta, paa, kila kimoja na kazi yake.

Tabaka nne, kila moja na swali lake

Wataalamu wanaochora ramani ya kampuni nzima huigawa katika tabaka nne. Mpango huu si wa jana. Mwaka wa 1987, Mmarekani John Zachman, aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliandika makala iliyoonyesha kwamba mfumo wa habari wa kampuni unahitaji michoro mbalimbali, kama jengo linavyohitaji mchoro wa mwenye nyumba, wa mjenzi na wa fundi umeme. Mwaka wa 1995 lilitoka toleo la kwanza la TOGAF, mwongozo wa muungano uitwao The Open Group, ambao leo unatumiwa sana. Ndani yake tabaka nne zinatajwa kwa majina: kazi, data, programu na teknolojia.

Tabaka la kazi linauliza: kampuni hii inafanya nini, nani anafanya, na kwa sheria gani? Nani ana haki ya kuagiza bidhaa? Bei inawekwa na nani? Mali inahesabiwa lini?

Tabaka la data linauliza: ili kazi hiyo ifanyike, ni habari gani lazima zijulikane, na kila habari ina maana gani? Bidhaa ni nini? Katoni moja ina vipande vingapi? Mteja anatambulikana kwa namba ipi?

Tabaka la programu linauliza: ni programu zipi zinazopokea habari hizo, zinazibadilisha na kuzipitisha kwa wengine? Programu ya ghala, ya kaunta ya malipo, ya uhasibu, au kontabilite kama wengi wanavyosema kwetu.

Tabaka la teknolojia linauliza: programu hizo zinakaa juu ya nini? Hapa ndipo zilipo seva, mtandao, mashine za kusoma alama za bidhaa, umeme, na hifadhi ya nakala.

Utaratibu una maana yake. Ukianzia juu, kila tabaka linaliamuru lile la chini yake: kazi inasema data gani inatakiwa, data inasema programu gani inafaa, programu inasema mashine gani inunuliwe. Shida huanza pale mtu anaponunua programu kwanza, kisha anaanza kutafuta kazi yake inafanana nayo namna gani.

ERP inakaa wapi?

ERP ni mfumo mmoja unaounganisha manunuzi, ghala, mauzo, mishahara na hesabu, ili jambo likiandikwa mara moja lionekane kila mahali. Mizizi yake iko katika programu za viwandani za miaka ya 1960 na 1970, zilizokuwa zikipiga hesabu ya vifaa vinavyohitajika kutengeneza bidhaa. Jina la ERP lenyewe lilitolewa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka wa 1990. SAP ilianzishwa mwaka wa 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM.

Mtu akiulizwa ERP iko tabaka lipi, atajibu haraka: la programu. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu. ERP inaponunuliwa, inaingia kupitia mlango wa programu, kisha inanyoosha mikono kwenye tabaka zote.

Inanyoosha mkono kwenye tabaka la kazi, kwa sababu imekuja na namna yake ya kufanya mambo. Ndani yake imeandikwa tayari kwamba oda ya manunuzi inatangulia, mapokezi ya mali yanafuata, faktura inakuja mwisho, na vitu hivyo vitatu vinalinganishwa kabla ya kulipa. Kampuni iliyozoea kulipa kwanza na kupokea baadaye italazimika kubadili desturi, au kubadili programu.

Inanyoosha mkono kwenye tabaka la data, kwa sababu imekuja na daftari lake lenye nafasi zake. Katika SAP, kila bidhaa ina ukurasa wake mkuu, na ukurasa huo una nafasi nyingi za kujaza: namba, kipimo, uzito, urefu, idadi katika katoni, bei, mtoaji. Kila kazi nyingine ndani ya mfumo inasoma ukurasa huo. Ukikosea hapo, umekosea kila mahali kwa mara moja.

Inanyoosha mkono hata kwenye tabaka la teknolojia. Toleo la zamani la SAP lilikubali kukaa juu ya hifadhidata za makampuni mbalimbali. Toleo la S/4HANA, lililotoka mwaka wa 2015, linakubali moja tu, HANA, ambayo ni ya SAP wenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa programu unakuwa pia uamuzi wa seva na wa bajeti ya miaka inayofuata.

Ndiyo sababu kusema "tunaweka ERP" kana kwamba ni kuweka programu moja ni hatari. Unabadilisha tabaka nne kwa pamoja, hata kama mkataba umetaja moja tu.

Tarehe ilikuja kabla ya kazi

Turudi Kanada. Mwanzoni mwa mwaka wa 2011, Target ilinunua haki za kupanga majengo ya maduka ya Zellers, kwa dola za Kanada zipatazo bilioni 1.8. Kuanzia siku hiyo kampuni ilikuwa na majengo mengi mkononi, na jengo lisilouza linakula pesa. Uamuzi ukawa kufungua maduka mengi kwa mara moja: kufikia mwisho wa mwaka wa 2013 yalikuwa 124.

Huo ulikuwa uamuzi wa tabaka la kazi, na ulifunga mikono ya tabaka zote za chini. Mifumo ya Target ya Marekani ilikuwa imejengwa na kampuni yenyewe kwa miaka mingi. Lakini haikuweza kushika dola ya Kanada, wala herufi za Kifaransa zenye alama juu yake, ambazo haziepukiki katika nchi inayotumia Kiingereza na Kifaransa. Kuirekebisha kungechukua muda. Kwa hiyo wakubwa wakaamua kununua SAP na kuanza upya.

Kwa karatasi, uamuzi haukuwa mbaya. Tatizo ni muda: takriban miaka miwili kwa jambo ambalo makampuni makubwa ya maduka hulifanya kwa miaka mingi. Na tarehe ya kufungua haikuweza kusogezwa. Tarehe isiposogezwa, kitu kingine lazima kisogee, na kilichosogea ni usahihi wa data.

Sanduku moja lililogeuka kuwa kumi na sita

Kabla duka halijafunguliwa, kila bidhaa ilipaswa kuingizwa katika SAP. Zilikuwa bidhaa zipatazo 75,000, na kila moja ilikuwa na nafasi nyingi za kujaza. Wafanyakazi, wengi wao vijana wasio na uzoefu wa miaka mingi, walizipata habari hizo kutoka kwa watoaji mali na kuziandika kwa mkono, mbio mbio. Gazeti la Canadian Business, katika uchunguzi wake wa mwaka wa 2016, liliandika kwamba usahihi wa data katika mfumo wa Kanada ulikuwa karibu asilimia 30, wakati Marekani ulikuwa kati ya asilimia 98 na 99.

Makosa yalikuwa ya namna inayoonekana ndogo. Upana uliandikwa mahali pa urefu. Inchi zilichanganywa na sentimita. Namba ya alama ya bidhaa ilikosewa tarakimu moja. Ili kuona uzito wa kosa dogo kama hilo, tupige hesabu ya mfano.

Chukua sanduku lenye urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 30. Ujazo wake ni lita 72. Katika SAP, vipimo hivyo vinakaa katika jedwali la vipimo vya bidhaa, katika nafasi ambazo bado zina majina ya Kijerumani:

```
Jedwali MARM
LAENG = 60
BREIT = 40
HOEHE = 30
MEABM = CM
```

Mstari wa mwisho ndio unaosema kipimo ni sentimita. Sasa mwandishi aliyechoka anaacha hapo inchi badala ya sentimita. Namba tatu za juu hazikubadilika hata moja, kwa hiyo anayezipitia kwa macho anaona kila kitu ni sawa. Lakini inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa kompyuta, sanduku sasa lina sentimita 152.4 kwa 101.6 kwa 76.2, na ujazo wake ni lita 1,180. Limekuwa kubwa mara kumi na sita na zaidi.

Tuseme ghala lina nafasi ya lita 1,440 kwa bidhaa hiyo. Kwa kweli nafasi hiyo inaingiza masanduku 20. Mfumo unaamini inaingiza moja tu. Basi mfumo unakataa kuleta mengine, au unakodi lori zima kwa mzigo unaoweza kujaa katika pikapu. Kosa likiwa la upande wa pili, yaani inchi zimeandikwa kama sentimita, mali inaletwa ambayo haiwezi kuingia katika rafu iliyotengwa, na inabaki sakafuni.

Idadi ndani ya katoni ni hatari zaidi. Duka linahitaji miswaki 240, na katoni ina miswaki 12, kwa hiyo oda sahihi ni katoni 20. Kama ukurasa wa bidhaa unasema katoni moja ni mswaki mmoja, mfumo utaagiza katoni 240, na miswaki 2,880 itafika. Ghala likiwa na bidhaa mia chache za namna hiyo, linajaa, na mali inayohitajika kweli inabaki nje kwenye malori.

Hivyo ndivyo rafu zinavyokuwa tupu wakati ghala limejaa. Hakuna aliyeiba na hakuna programu iliyoharibika. Kompyuta ilitii habari za uongo kwa uaminifu kamili.

Kitu kingine kilichotofautisha nchi hizo mbili ni kinga. Mfumo wa Marekani, uliojengwa kwa miaka mingi, ulikuwa na vizuizi vilivyomwonya mwandishi anapokosea. SAP ya Kanada, jinsi ilivyosimikwa, ilikubali karibu kila kilichoandikwa. Kinga nyingine si ngumu. Alama za bidhaa za tarakimu 12 zina tarakimu ya mwisho inayohakikisha zile 11 za mwanzo. Chukua namba 036000291452. Jumlisha tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea mpaka ya kumi na moja: unapata 14. Zidisha kwa 3, ni 42. Ongeza tarakimu za nafasi ya pili, ya nne na kuendelea mpaka ya kumi, ambazo ni 16: unapata 58. Ili kufika 60, zinakosekana 2, na kweli tarakimu ya mwisho ni 2. Mtu akikosea tarakimu moja, hesabu haikubali, na kompyuta inaweza kumzuia palepale.

Lakini kinga hiyo ina mpaka wake. Inalinda namba ya bidhaa tu. Haiwezi kujua kama sanduku ni la sentimita au la inchi. Kwa hilo hakuna hesabu ya uchawi: mtu anashika mita na kwenda kupima. Ndivyo ilivyokuwa mwishowe. Katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 2013, kazi nyingine katika makao makuu karibu na Toronto zilisimamishwa ili wafanyakazi wakae kwa muda kuhakikisha data, mstari kwa mstari. Wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kuziona rafu tupu.

Programu zisizosikilizana

Tabaka la programu nalo lilikuwa na mzigo wake. SAP haikuwa peke yake. Kulikuwa na programu ya kampuni nyingine kwa kukadiria mauzo na kujaza tena rafu, nyingine ya kuongoza ghala, na nyingine ya kaunta za malipo. Zote zilipaswa kusikilizana, kila moja ikipokea habari kutoka kwa mwenzake.

Programu ya kukadiria mauzo, kwa mfano, hufanya kazi kwa kutazama nyuma: iliuzwa nini mwaka jana, wiki kama hii? Kwa maduka mapya, mwaka jana haukuwapo. Kampuni ililazimika kubuni makadirio, na makadirio yalikuwa makubwa kuliko mauzo. Programu haikukosea hesabu. Iliulizwa swali ambalo tabaka la data halikuwa na jibu lake.

Tofauti hii inamsaidia mtu kujua ugonjwa uko wapi. Programu mbaya huweza kutoa majibu tofauti kwa swali lilelile, au kukwama. Data mbaya hutoa jibu lilelile kila mara, kwa haraka, bila kukwama, na jibu hilo ni la uongo. Fundi anayetazama seva hataliona, kwa sababu taa zote ni za kijani.

Swichi iliyozimwa na watu

Hata hivyo, pigo mojawapo halikutoka kwenye kompyuta kabisa. Kwa mujibu wa uchunguzi uleule, wafanyakazi waliosimamia bidhaa walikuwa wakipimwa kwa asilimia ya bidhaa zao zilizopo dukani. Baadhi yao waligundua njia ya mkato: katika mfumo kuna swichi ya kuagiza upya mali bila mtu kuingilia kati. Bidhaa ikiwa imezimiwa swichi hiyo, mfumo hauihesabu tena kama bidhaa inayokosekana. Wakaizima. Ripoti kwa wakubwa zikawa nzuri, na rafu zikabaki tupu.

Hapa tabaka la kazi lilikuwa limeharibu tabaka la data kwa kusudi. Sheria ya kumpima mfanyakazi ilimpa faida ya kuficha ukweli. Hakuna ERP inayoweza kuponya hilo, kwa sababu mfumo ulifanya hasa kile ambacho mtu mwenye haki aliuamuru ufanye. Dawa iko juu: kubadili kipimo, na kumwondolea mtu yule anayepimwa mamlaka ya kugusa swichi.

Lidl: pale kampuni ilipokataa kubadilika

Kisa cha pili, cha Ujerumani, kinaonyesha upande mwingine. Kampuni ya maduka ya Lidl ilianza mwaka wa 2011 kuweka SAP ili kuachana na mfumo wake wa zamani. Ilikuwa na muda na ilikuwa na pesa. Lakini ilikuwa na desturi moja: mali ya ghalani inahesabiwa kwa bei ya kununulia. Programu ya SAP kwa maduka ilikuwa imejengwa kuhesabu kwa bei ya kuuzia.

Tofauti hiyo inaonekana kama jambo la wahasibu tu, lakini bei ya mali iko chini ya hesabu zote: faida, hasara, kodi, oda. Lidl haikutaka kubadili desturi, basi programu ikabadilishwa. Badiliko moja lilidai lingine, na kila toleo jipya la SAP lilitishia kuvunja yaliyobadilishwa. Mwaka wa 2018 Lidl iliacha kazi hiyo na kurudi kwa mfumo wake wa zamani. Magazeti ya Ujerumani yaliandika kwamba euro zipatazo milioni 500 zilikuwa zimetumika.

Kwa Target, ufa ulikuwa kati ya data na programu. Kwa Lidl, ulikuwa kati ya kazi na programu. Katika visa vyote viwili, swali lililopaswa kuulizwa kabla ya kusaini mkataba liliulizwa baada ya kulipa.

Kujua mapema, kwa bei ndogo

Kwetu Kongo maswali haya si ya mbali. Kampuni ya Lubumbashi au depo ya Goma inayoweka ERP, iwe SAP, Sage au Odoo ya Wabelgiji, inakutana mara moja na mambo mawili yaliyoifanya Target ikimbie mfumo wake wa Marekani: lugha ya Kifaransa na suala la pesa. Kwetu pesa ni mbili kwa siku moja, frangi na dola. Bei imewekwa kwa dola, mteja amelipa kwa frangi, na kiwango kimebadilika kati ya asubuhi na jioni. Tena, nchi iko ndani ya OHADA tangu mwaka wa 2012, kwa hiyo hesabu lazima zifuate mpango wake wa akaunti.

Hayo yote ni maswali ya kazi na ya data kabla hayajawa ya programu. Kiwango cha kubadilisha pesa kinachotumika ni kipi: cha siku ya faktura au cha siku ya malipo? Nani anakiandika asubuhi? Tofauti inaingia akaunti ipi? Mkurugenzi asiyeweza kujibu kwa sentensi moja hana sababu ya kutegemea kwamba muuza programu atamjibia.

Kuna majaribio mawili yasiyogharimu sana. La kwanza ni la data. Chagua bidhaa 100 kwa bahati nasibu kutoka katika orodha itakayoingizwa, si zile zinazojulikana sana. Tuma watu wawili ghalani na mita, mizani na kalamu. Wapime, wahesabu vipande katika katoni, wasome alama, kisha walinganishe na kompyuta. Kila bidhaa yenye kosa hata katika nafasi moja inahesabiwa ni mbaya. Wakikuta mbili au tatu, endelea na kuzirekebisha. Wakikuta 30, usifungue, hata kama tarehe imetangazwa. Target ya Kanada, kwa namba zile za gazeti, ingekuta karibu 70.

Jaribio la pili ni la kazi. Chukua desturi kumi ambazo kampuni haiko tayari kuziacha, kama ile ya Lidl kuhusu bei. Mwambie muuzaji azionyeshe moja baada ya nyingine katika programu jinsi ilivyo, mbele ya mtu wa ghala na mhasibu, kwa data halisi ya kampuni. Kila mahali anapojibu "hilo tutalirekebisha", andika. Orodha hiyo ndiyo bei ya kweli ya mradi. Ikiwa ina mistari miwili, inabebeka. Ikiwa ina minane, basi lazima kuchagua: kuacha desturi au kuacha programu.

Mwishoni, kila sehemu ya data inahitaji mwenye nayo anayejulikana kwa jina. Si fundi wa kompyuta, bali mtu wa kazi: mtu wa manunuzi kwa ukurasa wa bidhaa, mhasibu kwa akaunti, mtu wa mauzo kwa wateja. Fundi anaweza kuihamisha namba kutoka seva moja hadi nyingine bila kuipoteza, lakini hajui kama katoni ya miswaki ina 12 au 24. Anayejua ni yule anayeifungua.